Chuoni anaulizwa kila siku, shuleni mara moja

MWALONI
Na Sudi Mbaruku

Mtoto wa Ujiji husoma mara mbili kwa siku. Asubuhi huvaa sare akaenda shule, na baada ya alasiri huvaa kofia akaenda chuo. Kichwa ni kilekile, na usingizi wa usiku ni uleule. Lakini mwulize mwezi Januari mambo aliyofundishwa Septemba. Suratul Mulk, aya zake 30, ataishusha yote huku akichezea kifungo cha shati. Ukigusa usanisinuru atakuambia, "Tulisoma, ila nimesahau."

Wazazi wengi husema hizo ni baraka za Kurani. Sina ugomvi na baraka. Ninachosema ni kwamba ustadhi anafanya kazi ambayo hatuitazami vizuri, na wataalamu wa ubongo wamekuwa wakiipima kazi hiyohiyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wa kwanza kuipima alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, makusudi, ili ujuzi wake wa zamani usimsaidie. Akazipanga kwa safu, akazisoma kwa sauti mpaka aweze kuzitamka bila kosa, kisha akaziacha. Baada ya muda alirudi kwenye safu ileile akajifunza upya, huku akipima muda aliouokoa kwa sababu alikwisha kuisoma. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya muda wa mwanzo. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku 31, asilimia 21.

Tarakimu hizo siku hizi huzunguka kwenye simu zetu zikiwa zimepindishwa, kwamba eti binadamu husahau theluthi mbili ya kila kitu kwa siku moja. Ebbinghaus hakupima hivyo. Safu iliyomchukua dakika kumi jana, leo ilimchukua dakika sita na ushei. Huenda asingeweza kuitamka yote kabla ya kuirudia, lakini kitu fulani kilikuwa kimebaki kichwani kikimrahisishia kazi. Tena angalia mwendo wenyewe: hasara kubwa hutokea saa za mwanzo, halafu kasi hupungua. Kilichovuka siku ya kwanza hupungua polepole sana.

Sasa mrudie mtoto wetu. Nyumbani anaongea Kiha au Kibembe, barabarani Kiswahili. Kiarabu hakijui. Kwake yeye aya anazopewa ziko karibu sana na zile silabi za Mjerumani, ingawa zina mahadhi yanayomsaidia. Kwa hesabu ya Ebbinghaus zilipaswa kuanza kumponyoka saa chache tu baada ya somo. Mbona hazimtoki?

Jibu linaanzia mahali kumbukumbu inapohifadhiwa. Seli za ubongo hupashana habari kwenye viungio vidogo mno, na seli moja inaweza kuwa na maelfu ya viungio hivyo. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walitangaza kazi waliyoifanya Oslo kwa kutumia sungura: ukisisimua njia moja ya neva kwa nguvu na kwa kurudia, viungio vyake hupitisha habari kwa urahisi zaidi, na hali hiyo hudumu kwa saa nyingi. Kujifunza ni badiliko la namna hiyo, likigusa viungio vingi kwa pamoja. Mwanzoni badiliko ni jepesi. Ili lidumu, seli lazima itengeneze protini mpya za kukiimarisha kiungio, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Isipokamilika, kiungio hurudi kilivyokuwa.

Wakati huohuo sehemu iitwayo hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, huunganisha vipande vya tukio moja: sauti, sura, mahali. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 karibu hakuna tukio jipya lililokaa kichwani mwake. Mtu aliyekuwa akizungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, kwake alikuwa mgeni. Mambo mengi ya utotoni, hata hivyo, aliyakumbuka. Maana yake hipokampasi hupokea na kufunga, ila yaliyokomaa hutegemea zaidi tabaka la nje la ubongo. Uhamisho huo hufanyika taratibu, na sehemu yake kubwa hufanyika usingizini, ambapo seli zilizofanya kazi mchana hurudia mpangilio wao. Mwanafunzi anayekesha na vitabu usiku wa kuamkia mtihani anajinyima saa hizo hasa.

Yote haya hutokea kwa aya na kwa usanisinuru vilevile. Tofauti inakuja kesho yake.

Kesho yake chuoni mtoto hufunga msahafu, huketi mbele ya ustadhi na kusikilizwa. Akikwama, ustadhi hamsomei aya nzima. Hunyamaza kidogo, kisha humpa neno la kwanza, na mtoto huvuta mengine mwenyewe. Ndipo apewe somo jipya, na kila baada ya muda hurudishwa kwenye sura za nyuma alizodhani amekwisha kuachana nazo. Hakuna hafidhi aliyestaafu kudurusu. Mtume mwenyewe aliwaonya wenye kuhifadhi kwamba Kurani huponyoka upesi kuliko ngamia anavyochomoka kwenye kamba yake.

Kule kunyamaza kwa ustadhi ndiyo dawa yenyewe. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara ya pili. Kundi jingine lilikifunika na kuandika yote linayoyakumbuka, bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42, walioandika kwa kukumbuka asilimia 56. Kinachonichekesha ni kwamba wanaorudia kusoma ndio hujiamini zaidi kuwa watakumbuka. Maandishi yakishazoeleka machoni, mtu hudhani ameyajua.

Kuna jambo jingine ambalo chuo kimelielewa kuhusu kusahau. Mara nyingi kitu hakijafutika, bali njia ya kukifikia imekuwa na mashindano. Chukua Suratu Rahman. Ina aya 78, na aya moja ndani yake hurudiwa mara 31, hivyo mtoto akiitamka haimwambii kinachofuata. Mtego mkubwa uko mbele. Aya ya 50 inataja bustani mbili zenye chemchemi mbili zinazopita. Aya ya 66 inataja bustani nyingine mbili zenye chemchemi mbili, safari hii zinazofoka. Maneno ya mwanzo ni yaleyale, mwisho tu ndio tofauti. Nimemsikia kijana akiteleza hapo hapo, akaruka aya kumi na tano bila kujua, sauti yake haikutetereka hata kidogo. Aya hizo alizijua zote. Ila dokezo moja lilikuwa limefungwa kwenye mambo mawili, na lililo jepesi likashinda. Ustadhi alimsimamisha, akamsomesha ya 50 na ya 66 moja baada ya nyingine mara kadhaa, mpaka tofauti ya neno la mwisho ikamkaa.

Sasa twende shule. Mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Kigoma hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawana uhakika nayo. Hunakili ubaoni maneno kama osmosisi na difusheni, mawili yanayofanana kiasi cha kupotezana kama zile chemchemi. Mada huisha, nyingine huanza, na swali la kwanza la maana juu ya osmosisi huja kwenye mtihani wa muhula. Hapo hipokampasi imeachwa na mzigo ambao hakuna aliyeuulizia kwa miezi miwili. Tumechukua ugumu wa chuo, yaani kukariri kwa lugha ya mbali, tukaiacha dawa yake. Halafu matokeo yakitoka tunasema watoto wa siku hizi hawana akili.

Najua walimu watanijibu: darasa lina wanafunzi themanini, nitawasikiliza vipi mmoja mmoja? Si lazima. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Tano za mwanzo zitoshe kwa maswali matatu, madaftari yamefungwa: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtu aandike kwenye karatasi chakavu, kisha mwalimu ataje majibu na kila mmoja ajisahihishe. Hakuna alama, hakuna rundo la kusahihisha usiku. Nisingependa ziwe na alama hata kidogo, kwa sababu mtoto anayeogopa kiboko atanakili kwa jirani, na kunakili hakuvuti kitu chochote kutoka kichwani.

Njia hii ina mipaka, na chuo chenyewe kinaionyesha. Mkatishe mtoto katikati ya sura umwulize aya iliyotangulia, utamwona akirudi kimyakimya mwanzo na kuanza upya, kwa kuwa amezoea kuelekea mbele tu. Anachoulizwa mtu ndicho kinachoimarika, kwa sura ileile aliyoulizwa. Mwalimu wa baiolojia anayetaka mwanafunzi aeleze kwa nini mchicha hunyauka ukitiwa chumvi asitegemee fasili ya osmosisi iliyokaririwa. Aulize habari ya mchicha. Na yupo mtoto ambaye maswali peke yake hayamtoshi. Utafiti wa Kilifi na Kampala umeonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na udhaifu wa kumbukumbu na umakini. Mkoa wetu unaijua malaria, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kupelekwa hospitali akachunguzwe kabla hajaitwa mvivu.

Nyumbani kazi hii haihitaji elimu. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Ujiji hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu taa zao hazivuti samaki kwenye mbalamwezi. Baba akiwa nyumbani siku hizo, amwite mwanawe afunge daftari na amsimulie walichosoma tangu mbalamwezi iliyopita. Mtoto akikwama baba avumilie ukimya ule, angalau mpaka chai iishe kikombeni. Jibu likishindikana kabisa, daftari lifunguliwe lisomwe hapohapo, na swali lilelile lirudiwe kabla baba hajarudi ziwani.