Kabla mtoto hajachomwa ganzi, apimwe kilo

Mtoto amekanyaga bati, kisigino kimechanika, mmekimbilia zahanati. Nesi anasema kidonda kinashonwa, ila kwanza atachoma ganzi. Wazazi wengi hapo huwaza maumivu ya sindano tu. Mimi ningeuliza kwanza kama mtoto amepimwa uzito.

Ganzi inayotumika zaidi kushonea vidonda, na hata kwenye tohara, ni lidokeini, ambayo wahudumu wengi huiita lignokeini. Huchomwa mahali pamoja, lakini kidogo kidogo huingia kwenye damu. Ikizidi, hufika kwenye ubongo na moyo kwa wingi usiotakiwa. Kwa hiyo ina mpaka: ile isiyochanganywa na adrenalini isizidi miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mtoto, na wapo madaktari wanaoishia 3.

Tuseme mtoto ana kilo 12. Mpaka wake ni miligramu 54. Sasa tazama chupa. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, hivyo bomba la mililita 5 lina miligramu 50, bado hajavuka. Jaza bomba hilo hilo kwa dawa ya asilimia 2 na unapata miligramu 100, karibu mara mbili ya mpaka! Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote zinafanana na maji. Kwa ile ya asilimia 2, mtoto huyu anaishia mililita 2.7.

Mara nyingi kosa huja mtoto akiendelea kulia. Anaongezwa kidogo, halafu kidogo tena, na hakuna anayejumlisha. Kila nyongeza inahesabiwa pamoja na ya kwanza. Pengine kilichohitajika ni kusubiri dakika chache tu ganzi ishike.

Mtu mzima dawa ikimzidi atakwambia midomo na ulimi vinakufa ganzi, anasikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, kichwa kizito. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema hayo. Utaona anahangaika bila sababu, au analegea na kusinzia ghafla, maneno hayatoki vizuri, misuli ya uso au vidole inacheza cheza. Usidhani amechoka kulia. Hatua inayofuata inaweza kuwa degedege.

Sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu, dalili huja papo hapo; ndiyo sababu mhudumu makini huvuta bomba nyuma kidogo kuona kama damu inaingia kabla ya kusukuma dawa. Ikichomwa vizuri lakini ikazidi, zinaweza kuchukua dakika 20 au 30. Kwa hiyo msiondoke mara tu uzi wa mwisho unapokatwa, kaeni nusu saa.

Ukiona dalili mwite nesi hapo hapo. Kama bado anachoma, aache, ampe mtoto oksijeni, adhibiti degedege ikitokea. Hospitali kubwa huwa na dripu maalumu ya mafuta inayovuta dawa hiyo kutoka kwenye moyo. Mkipewa rufaa, ondokeni na karatasi yenye uzito wa mtoto, asilimia ya dawa, mililita zilizochomwa na saa.