Usinitumie Msimamo Bila Matokeo

Wasee, kuna tabia imezidi na leo nitaisema vile ilivyo. Mtu anaposti picha ya msimamo wa kundi, imepambwa rangi na nembo za timu, halafu anaandika "mnatoka leo" na watu mia mbili wanaanza kutusiana. Hakuna hata mmoja ameuliza hizo namba zimetoka wapi. Mimi nasema hivi: msimamo ambao haujaambatana na orodha ya matokeo na kanuni ya kutenganisha timu ni uvumi tu. Uvumi wenye rangi nzuri, lakini ni uvumi.

Na msiniambie ati hesabu ni ngumu. Msee anayeweza kupiga hesabu ya mkeka wa mechi kumi na mbili akiwa amesimama kwa matatu anaweza kukagua msimamo. Tuchukue kitu sote tulikiona. CHAN ya 2024, ile ilichezwa hapa Agosti 2025, Kundi A. Jioni ya tarehe 10, baada ya Harambee Stars kuipiga Moroko bao moja pale Kasarani, mechi sita za kundi zilikuwa zimeisha. Kenya 1-0 DRC. Moroko 2-0 Angola. Angola 1-1 Kenya. Zambia 0-2 DRC. Kenya 1-0 Moroko. Angola 2-1 Zambia. Ukiziweka kwa msimamo unapata hii:

```
          P  W  D  L  GF GA  GD  Pts
Kenya     3  2  1  0   3  1  +2   7
Angola    3  1  1  1   3  4  -1   4
DRC       2  1  0  1   2  1  +1   3
Moroko    2  1  0  1   2  1  +1   3
Zambia    2  0  0  2   1  4  -3   0
```

Sasa, hata kabla ya kurudi kwa mechi moja moja, kuna maswali matatu ya haraka. Swali la kwanza ni la mabao. Kila bao lililofungwa na mtu limefungwa dhidi ya mtu mwingine, kwa hivyo jumla ya GF lazima ilingane na jumla ya GA. Hapa 3+3+2+2+1 ni 11, na 1+4+1+1+4 ni 11. Iko sawa. Ndiyo maana pia ukijumlisha GD zote lazima upate sufuri. Ukipata +1 au -3, kuna mtu amekosea mahali, na hapo hakuna mjadala.

Swali la pili ni la mechi. Kila mechi inahesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila timu. Mechi sita ni P kumi na mbili, na 3+3+2+2+2 ni 12. Ushindi wote lazima ulingane na vipigo vyote: hapa ni tano kwa tano. Sare lazima ziwe namba shufwa, kwa sababu huwezi kutoka sare peke yako.

Swali la tatu ni la pointi. Mechi yenye mshindi inatoa pointi tatu, sare inatoa mbili, moja kila upande. Mechi tano zilikuwa na mshindi, hiyo ni 15. Sare ni moja, hiyo ni 2. Jumla 17. Kwa msimamo, 7+4+3+3+0 ni 17. Imefunga. Hiyo kazi yote ni dakika mbili, na hauhitaji kuwa umesoma hesabu ya chuo. Mimi mwenyewe niliacha chuo na bado najua kujumlisha.

Ubaya ni kwamba kuna kosa moja ambalo jumla haziwezi kulishika. Tuseme aliyeandika alichanganya Angola na Zambia, akaipa Zambia ule ushindi wa 2-1. Mabao bado yatalingana, mechi zitalingana, pointi bado ni 17. Lakini Angola itabaki na pointi moja na Zambia itakuwa na tatu, na msimamo wote wa chini utakuwa umepinduka. Hii ndiyo sababu nadai matokeo. Jumla zinakuambia kama msimamo umevunjika. Zikifunga, bado hazijakuambia kuwa ni wa kweli. Ukweli unaupata kwa kurudia mechi moja baada ya nyingine.

Pia angalia upande wa pili: saa zingine jumla inakataa na hakuna aliyekosea. Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2023/24, Everton walikatwa pointi 8 na Nottingham Forest 4. Kwa hivyo pointi za ligi nzima zilipungua kwa 12 kuliko zile mechi zilitoa. Hiyo ni sawa, mradi iandikwe chini ya msimamo. Pengo ambalo halina maelezo ndilo la kupigia kelele.

Sasa tuje kwa mpangilio, na hapa ndipo watu wengi wanajifanya wajuaji. Angalia tena lile jedwali. Angola iko ya pili ikiwa na -1, na chini yake kuna timu mbili zenye +1. Kuna wasee watakuambia hiyo ni makosa. Si makosa. Pointi kwanza, kila mahali. Tofauti ya mabao haigusi timu mpaka pointi zilingane. Kile unafaa kuona ni safu ya P: Angola ilikuwa imecheza tatu, Moroko na DRC mbili. Nafasi ya pili ya Angola ilikuwa ya kuazima. Na ilirudishwa haraka: kundi lilipoisha Kenya ilikuwa na 10, Moroko 9, DRC 6, Angola 4 na Zambia sufuri. Ukiangalia nafasi bila kuangalia mechi zilizochezwa, unasoma nusu ya msimamo.

Na Moroko na DRC? Jioni hiyo walilingana kila kitu: pointi, tofauti, mabao ya kufunga, na walikuwa hawajakutana. Aliyemweka mmoja juu alichagua tu. Kusema "Moroko iko juu ya DRC" usiku ule ilikuwa ni kelele.

Lakini pointi zikilingana mwishoni, nani anaenda? Hapa jibu la "si ni GD" limeumiza watu wazima kabisa. Tarehe 8 Oktoba 2011, Nelspruit. Afrika Kusini wanacheza na Sierra Leone, mechi ya mwisho ya kufuzu AFCON ya 2012. Mechi inaisha 0-0. Wachezaji wanacheza ngoma uwanjani, wanasherehekea, nchi nzima inajua imefuzu. Timu tatu zimemaliza na pointi 9: Afrika Kusini, Niger na Sierra Leone. Afrika Kusini ina +2, Sierra Leone ina sufuri, Niger ina -2 baada ya kupigwa 3-0 na Misri siku hiyo hiyo. Kwa GD, Bafana wako ndani.

Aliyefuzu ni Niger. Ndiyo, yule wa -2.

Kanuni ya CAF ilisema timu zikilingana, unaangalia kwanza mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Zikiwa tatu, unatoa mechi zote za timu ya nne, hapa Misri, na unatengeneza msimamo mdogo wa hao watatu. Niger iliipiga Afrika Kusini 2-1 na Sierra Leone 3-1 ikiwa nyumbani: pointi 6. Afrika Kusini iliipiga Niger 2-0 na kutoka sare 0-0 mara mbili na Sierra Leone: pointi 5. Sierra Leone iliipiga Niger 1-0 na kuchukua zile sare mbili: pointi 5. Kagua: mechi nne zenye mshindi ni 12, sare mbili ni 4, jumla 16, na 6+5+5 ni 16. Imefunga. Niger juu.

Kilichouma zaidi si hesabu. Kinachouma ni kwamba bao moja tu lingewapeleka Bafana, wangefika pointi 11 na mambo yaishe. Lakini benchi iliamini sare inatosha, na timu ikacheza kulinda sare. Wachezaji walipewa msimamo sahihi na kanuni isiyo yao. Kwa hivyo msiniambie kanuni ni kitu cha watu wa ofisini. Kanuni inaamua kama unashambulia dakika ya 85 au unapiga mpira nje.

Na hakuna kanuni moja ya dunia nzima. Uingereza wanaanza na tofauti ya mabao: 2011/12 Manchester City na United walifunga msimu na pointi 89 kila mmoja, City ikachukua kombe kwa +64 dhidi ya +56. Uhispania wanaanza na mechi za wenyewe kwa wenyewe: 2006/07 Real Madrid na Barcelona walilingana kwa 76, Barcelona ilikuwa na tofauti kubwa zaidi, na kombe likaenda Madrid. Hesabu ni ile ile, mabingwa ni tofauti. Ndiyo maana yule anayekuambia "kila mtu anajua" hajui.

Hasira yangu kubwa basi ni ya mashindano yetu ya mtaani. Timu ya rafiki zangu ilichanga pesa ya kuingia, ikanunua jezi, ikafika mechi ya mwisho ya kundi. Walikuwa 1-1 na tofauti ya mabao iliyowazidi wapinzani wao. Kocha akawarudisha nyuma walinde. Mechi ikaisha, pointi zikalingana 7 kwa 7, na hapo ndipo mwandalizi akatangaza kwa mara ya kwanza kwamba wataangalia mechi ya wenyewe kwa wenyewe, ambayo walikuwa wamepoteza. Labda kanuni hiyo ni nzuri. Mimi sina shida nayo. Shida ni kwamba ilizaliwa baada ya filimbi. Ukichagua kanuni ukiwa tayari unaona nani itamfaa, umechagua mshindi. Hiyo ni kuuza kundi, hata kama hakuna shilingi imebadilisha mfuko.

Kwa hivyo manahodha, kabla ya kutuma ada ya kuingia, dai vitu vitatu kwa maandishi kwa grupu ya timu zote. Moja, pointi zikilingana tunaanza na nini, kisha nini, kisha nini, na zikiwa timu tatu itakuwaje. Mbili, timu isipotokea, mpinzani anapewa mabao mangapi. Tatu, kila jioni matokeo yote yatumwe, si picha ya msimamo peke yake. Mwandalizi akikataa, weka pesa yako mfukoni. Na wewe unayeposti msimamo hapa bila matokeo, jua nitakuuliza jumla ya GD mbele ya watu.