Barua kwa profesa: Mpelekee swali, si shida

Kijana wa Kware uliyemaliza uzamili na sasa unawazia uzamifu, barua yako ya kwanza kwa profesa haiombi nafasi. Nafasi utaiomba baadaye kwa fomu za chuo. Kwa sasa unataka kujua mambo mawili: je, anapokea wanafunzi wapya, na je, swali lako linamvutia?

Wengi huteleza hapo kwenye swali. Mtu anaandika kwamba anataka kutafiti "changamoto za maji Nairobi." Profesa akisoma hivyo haoni utafiti, anaona kichwa cha habari.

Hebu tuchukue maji hayo hayo. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, jirani zetu, kuwa eneo maalum la upangaji. Watafiti walioshiriki mpango huo walionyesha kuwa mkazi wa mabanda hulipia maji bei ya juu kuliko wa mtaa wenye mifereji rasmi. Je, na yule anayepanga ghorofa ya sita Kware, ambaye maji yake hutegemea pampu ya landilodi? Sasa una pengo la kuulizia.

Kiini cha barua yako kingesomeka hivi:

"Nimesoma kazi yako kuhusu bei ya maji mabandani. Ningependa kujua kama matokeo yake yanasimama katika majumba ya kupanga ya Kware, ambako keateka ndiye huamua pampu iwashwe saa ngapi. Napendekeza kufuatilia majumba 6 kwa miezi 12, nikilinganisha wapangaji wa chini na wa juu: pesa wanazotumia kununua mitungi na saa wanazosubiri. Je, unapokea wanafunzi wa uzamifu mwaka ujao?"

Ona kwamba swali limeanzia kwenye kazi ya profesa mwenyewe, na mtu mmoja anaweza kulimaliza. Atalibadilisha, hilo ni hakika, lakini atakuwa na kitu cha kubadilisha.

Je, utaje kwamba umelelewa Kware? Taja, ila kwa kipimo. Kuishi mtaani kunakufungulia milango, hakuthibitishi lolote. Tena kuna hatari: keateka anayekujua anaweza kukuficha ukweli akihofia utafika kwa landilodi. Ukiitaja hatari hiyo mwenyewe, profesa ataona unafikiri kama mtafiti. Ongeza kwamba unajua utahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI kabla ya kubisha mlango wowote.

Yote yatoshee ukurasa mmoja, pamoja na wasifu wako mfupi. Pendekezo la kurasa 15 libaki kwako hadi uitishwe. Kisha jipime: futa jina la profesa, uandike la mwingine. Barua ikibaki na maana ile ile, bado haijaiva, usiitume.

Wiki tatu zikipita kimya, mkumbushe mara moja kwa heshima. Asipojibu tena, tafuta mwingine, na barua uiandike upya kutokana na kazi ya huyo.