Kikaratasi cha bima si majibu kwa mzazi

Chukulia mwanao amepata degedege mara tatu bila homa yoyote, na kila mara ni mkono na mguu wa kulia tu vinavyotikisika. Daktari anaagiza kipimo cha MRI cha ubongo, hospitali inaomba kibali cha bima, nawe unasubiri. Siku ya pili, kwenye dirisha la bima, unapewa kikaratasi kilichoandikwa hivi: HALI: IMEKATALIWA. SABABU: 07. UGONJWA: R56.0. HUDUMA: MRI KICHWA. Ukiuliza maana yake, unajibiwa, "Mama, mfumo umekataa."

Kikaratasi hicho hakina kosa la uandishi, ila hukuandikiwa wewe. Kimeandikiwa kompyuta. Kompyuta ya hospitali inasoma neno la HALI ili ijue kama bili italipwa, na inasoma namba ya SABABU ili ijue kama ombi linaweza kurudishwa tena. Ndiyo maana sehemu hizo lazima ziwe fupi na zisibadilike. Karani akiandika "imekataliwa kwa sasa, ila wakileta barua tutaangalia" mahali pa IMEKATALIWA, mashine haitajua ifanye nini, na ombi linaweza kukwama bila mtu kujua.

Sasa tazama alama ya ugonjwa. R56.0, katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, ni degedege la homa. R56.8 ni degedege la aina nyingine au ambalo aina yake haikutajwa. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho. Kwa mtoto mwenye degedege la kawaida la homa, MRI kwa kawaida haihitajiki, hivyo mkaguzi wa bima aliyeona R56.0 alikataa kwa haki kabisa. Lakini mwanao hakuwa na homa, na degedege la upande mmoja ni sababu nzuri ya daktari kutaka kuuona ubongo. Aliyejaza fomu alikosea tarakimu.

Nani angeweza kuligundua kosa hilo mapema? Ni wewe mzazi, kwa kuwa ulikuwapo mtoto alipoanguka. Lakini R56.0 haikuambii kitu. Laiti ungepewa maelezo kama haya: "Ombi namba fulani la MRI ya mtoto wako limekataliwa. Fomu inaonyesha kwamba degedege lake lilitokana na homa, na kwa hali hiyo kipimo hiki kwa kawaida hakihitajiki. Kama hakuwa na homa, mwombe daktari asahihishe fomu na kuandika jinsi degedege lilivyotokea, kisha ombi lirudishwe kabla ya tarehe fulani." Ungeruka palepale useme, "Homa gani? Hakuwa na homa!"

Kwa hiyo ninachodai ni vitu viwili vilivyotenganishwa: sehemu za mashine zibaki kwa mashine, na mwombaji aandikiwe maelezo yake. Kutafsiri namba peke yake hakutoshi. Ukiambiwa "07 ni huduma isiyohitajika kitabibu", bado hujui ni kitu gani kwenye fomu kilichosababisha uamuzi huo. Maelezo ya kweli yanataja jambo lililosomwa kuhusu mtoto wako.

Kutenganisha nako kuna hatari yake. Kinacholipa ni sehemu ya mashine, si maneno mazuri. Barua ikisema "limekubaliwa" huku mfumo ukisema IMEKATALIWA, utafika kwenye kipimo na kurudishwa. Ndiyo maana maelezo yaandikwe na mkaguzi yuleyule aliyeamua, wakati uleule, na yawe na namba ya ombi. Tena yasitumwe yote kwa ujumbe wa simu, maana simu za nyumbani hushikwa na wengi. Ujumbe useme tu kwamba majibu yapo tayari, na ugonjwa utajwe kwenye barua yako.

Nchini Marekani, kanuni za mipango ya bima inayotolewa na waajiri zinataka anayekataliwa apewe sababu mahususi, kwa maandishi anayoweza kuyaelewa, pamoja na njia ya kukata rufaa. Si jambo la kigeni kulidai hata hapa kwetu.

Ukipewa kikaratasi cha namba tupu, usiondoke dirishani. Omba uandikiwe mambo matatu: fomu inasema mtoto ana nini, ni jambo gani limefanya ombi likataliwe, na lirudishwe vipi na lini. Kisha soma lile la kwanza pole pole, ulilinganishe na ulichokiona nyumbani kwa macho yako. Yasipolingana, rudi kwa daktari siku hiyohiyo na kikaratasi chako mkononi.