Kupima Barua Badala ya Mtumishi: Majaribio ya Ulaghai wa Barua Pepe Maofisini

Majaribio ya kuigiza ulaghai ni zoezi ambalo kitengo cha usalama wa mifumo huwatumia watumishi wa taasisi yake barua pepe za uongo, zilizotungwa zifanane na zile za matapeli wanaowinda nywila na fedha, kisha hurekodi ni nani aliyebofya kiungo, ni nani aliyeandika nywila yake katika ukurasa bandia na ni nani aliyetoa taarifa. Zoezi hili limekuwa la kawaida katika benki, hospitali, vyuo vikuu na ofisi za serikali, na kwa kawaida matokeo yake hufikishwa kwa uongozi yakiwa yamebanwa katika tarakimu moja, yaani asilimia ya waliobofya. Tarakimu hiyo ndiyo inayogombaniwa. Wapo wanaoiona kuwa kipimo cha uzembe wa watumishi, na kwa hiyo wanaona ni haki kubandika majina ya walionaswa au kuyasoma kikaoni, lakini ushahidi uliopatikana katika miaka ya karibuni unaonyesha kwamba asilimia hiyo, ikisimama peke yake, hueleza zaidi habari za barua iliyotumwa kuliko habari za mtu aliyeipokea.

Utafiti uliofanywa katika hospitali za Chuo Kikuu cha California, San Diego, na kuwasilishwa mwaka 2025, unalithibitisha jambo hilo kwa namna isiyoacha shaka. Watumishi zaidi ya 19,500 walitumiwa barua 10 tofauti katika kipindi cha miezi 8. Barua iliyowataka wabadilishe nywila ya barua pepe iliwanasa asilimia 1.82 tu, ilhali ile iliyodai kueleza mabadiliko ya utaratibu wa likizo iliwanasa asilimia 30.8. Watumishi walikuwa walewale na ofisi zilikuwa zilezile, ila chambo kilikuwa tofauti. Mkuu wa kitengo anayetaka kuonyesha kwamba mpango wake umefanikiwa anaweza, bila kusema uongo wowote, kuanza mwaka kwa barua ya likizo na kuumaliza kwa barua ya nywila, na bodi itampongeza kwa maendeleo ambayo hayakuwapo.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya upimaji wa haki ni kuipa kila barua alama ya ugumu kabla haijatumwa. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2020 kipimo kinachofaa kwa kazi hiyo, nacho kinatazama mambo mawili. La kwanza ni wingi wa dalili zinazoweza kumshtua msomaji makini, kama vile makosa ya tahajia, anwani ya mtumaji isiyolingana na jina lake, nembo iliyochakaa au haraka isiyoelezeka. Kadiri dalili zinavyopungua, ndivyo barua inavyokuwa ngumu kutambulika. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni ulinganifu wa kisa cha barua na kazi halisi ya mpokeaji. Ankara isiyotarajiwa ni jambo la kushangaza kwa mtunza maktaba, lakini kwa karani wa malipo ndiyo kazi yake ya kila asubuhi, na kumlaumu kwa kuifungua ni kumlaumu kwa kufanya kazi. Barua ileile, basi, ni nyepesi katika idara moja na ngumu katika nyingine, na jedwali linalozipanga idara kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho bila kuzingatia tofauti hiyo halina maana.

Dawa ya tatizo hilo ni kuwagawa watumishi kwa bahati nasibu, si kwa idara, na kuzizungusha barua ili kufikia mwisho wa mwaka kila kundi liwe limepokea nyepesi, za wastani na ngumu kwa idadi inayolingana.

Hata baada ya kurekebisha ugumu, linabaki suala la bahati, na hapa ndipo dhuluma nyingi hufanyika bila aliyeitenda kujua. Ichukuliwe kwa mfano taasisi ya kubuni yenye watumishi 400, wanaotumiwa barua 6 kwa mwaka, na tuseme kwamba wote wana uangalifu uleule kabisa, kila mmoja akiwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kubofya kila barua. Hesabu ya uwezekano inaonyesha kwamba watumishi wapatao 213 hawatabofya hata mara moja, wapatao 142 watabofya mara moja, na takriban 46 watabofya mara mbili au zaidi, ambapo 6 kati yao watafikia mara tatu au zaidi. Kwa macho ya msimamizi, hao 46 ni wakosaji sugu, nao ndio hupelekwa kwa ofisa rasilimali watu. Ilhali kwa mujibu wa mfano wenyewe hawana tofauti yoyote na wenzao, na mwaka unaofuata kura ileile itawaangukia wengine. Hii haina maana kwamba watu wote wana uangalifu sawa katika maisha halisi. Maana yake ni kwamba barua 6 ni chache mno kuweza kumtenganisha mzembe na mwenye bahati mbaya, na taasisi inayomwadhibu mtu kwa msingi huo huwa inaadhibu kelele za takwimu.

Kuna kasoro nyingine ya kiufundi ambayo haipaswi kupita kimya, kwa kuwa imekwisha kuwatia watu matatani. Mifumo mingi ya kuchuja barua hufungua viungo vyenyewe ili kuvikagua, na seva inayorekodi jaribio huhesabu ufunguzi huo kuwa ubofyaji wa mtumishi. Dalili zake ni ubofyaji unaotokea sekunde chache baada ya barua kufika, au unaotoka katika anwani za vituo vya kuhifadhi data badala ya mtandao wa ofisi. Njia rahisi ya kuubaini ni kuweka ndani ya barua kiungo kilichofichwa ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona: kikibofywa, aliyebofya ni mashine, na rekodi zote za aina hiyo huondolewa kabla jina la mtu yeyote halijaandikwa popote.

Baada ya kusafisha takwimu, linabaki swali la kipi kihesabiwe. Katika taasisi ileile ya kubuni, tuseme barua ya ugumu wa wastani ilitumwa saa tatu kamili asubuhi. Zilipatikana rekodi 43 za ubofyaji, na 12 kati ya hizo zikagunduliwa kuwa za mashine, hivyo wakabaki watu 31. Kati ya hao, 9 waliandika nywila zao. Watumishi 58 walitoa taarifa kwa kitengo, wa kwanza akiwa amefanya hivyo saa tatu na dakika nne, na miongoni mwa 58 hao walikuwamo 7 waliokuwa wamebofya kwanza kisha wakashtuka. Mpango wa kizamani ungeripoti kwamba asilimia 8 wameshindwa na ungenyamaza hapo. Lakini kwa mlinzi wa mifumo habari kubwa ni ile dakika ya nne, kwa sababu katika shambulio la kweli taarifa ya mtu mmoja inatosha kumwezesha kuifuta barua katika masanduku yote na kufunga njia ya kwenda kwenye ukurasa bandia kabla wengi hawajafungua kompyuta zao. Vivyo hivyo, wale 7 wanastahili kuhesabiwa upande wa waliofaulu, maana mtu aliyebofya na kusema mara moja ameisaidia taasisi kuliko aliyeifuta barua kimyakimya.

Hoja dhidi ya kuaibishana hadharani inasimama juu ya msingi huo, na wala haihitaji kuegemea huruma. Mtumishi aliyeona jina la mwenzake likibandikwa ubaoni hujifunza somo moja kwa haraka, nalo ni kwamba akikosea anyamaze. Watafiti wa ETH Zurich, waliofuatilia watumishi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kubwa kwa miezi 15 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022, waligundua kwamba kitufe cha kutoa taarifa kiliwezesha barua mpya za ulaghai kubainika upesi, na kwamba watumishi waliendelea kukitumia bila kuchoka kwa muda wote wa utafiti. Kinga hiyo hutegemea watu kusema, na taasisi inayowaaibisha huibomoa kwa mikono yake.

Uchaguzi wa chambo nao una mipaka yake. Desemba 2020, kampuni ya GoDaddy ya Marekani iliwatumia watumishi wake barua ya majaribio iliyoahidi bonasi ya dola 650 ya sikukuu. Wapatao 500 walibofya, wakaarifiwa kwamba wameshindwa na kwamba watarudia mafunzo, na baada ya habari kusambaa kampuni ililazimika kuomba radhi. Watetezi wa mbinu hiyo husema tapeli hana haya, na ni kweli, lakini tapeli hahitaji kuaminiwa na watu hao kesho yake asubuhi. Habari za malipo, ajira, ugonjwa na msiba ziachwe nje ya majaribio. Kwa ofisi za Tanzania na Kenya liongezwe pia katazo la kuiga barua za mamlaka ya kodi au mfuko wa pensheni bila ridhaa ya taasisi hizo, kwa kuwa mpokeaji huwapelekea ndugu na jamaa, na simu za kuuliza huishia kwenye meza za watu wasiojua lolote.

Kuhusu mafunzo ya ufuatiliaji, matumaini yapunguzwe. Katika utafiti wa San Diego, mafunzo yalipunguza kunaswa kwa asilimia 1.7 tu, na wengi waliofikishwa kwenye ukurasa wa mafunzo baada ya kubofya walikaa hapo dakika moja au chini yake. Ule wa Zurich uliona hata kwamba ukurasa wa namna hiyo uliwafanya baadhi ya watu kunaswa zaidi. Kinachoweza kutetewa ni ufuatiliaji mfupi unaowapata wote, waliobofya na wasiobofya: siku mbili baada ya jaribio, barua yenyewe ioneshwe ikiwa na dalili zake zilizowekewa alama, na ielezwe namna ya kutoa taarifa. Mazungumzo ya ana kwa ana yawahusu wale tu walioandika nywila katika barua kadhaa nyepesi, yafanywe na kitengo cha usalama bila msimamizi wao kuwapo, na yaanze kwa kuuliza kazi yao ina nini kinachowalazimisha kufungua barua haraka.

Itapingwa kwamba ulegevu huu haumfai mhasibu mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo makubwa. Lakini mtu wa nafasi hiyo halindwi kwa karipio. Hulindwa kwa kifaa cha uthibitishaji ambacho ukurasa bandia hauwezi kukihadaa, na kwa utaratibu unaotaka saini ya pili na simu kwa namba inayojulikana kabla ya akaunti ya mzabuni kubadilishwa. Ikiwa ubofyaji wake mmoja unatosha kuihamisha fedha, kasoro imo katika utaratibu.

Linabaki suala la majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisitumiwe kwa jambo jingine lisilolingana nalo, na matokeo ya jaribio ni taarifa za aina hiyo. Taasisi iliyowaambia watumishi wake kwamba zoezi ni la mafunzo haina msingi wa kuyatumia katika tathmini ya utendaji au katika kupandisha vyeo. Majina yabaki kwa watu wawili au watatu wa kitengo na yafutwe baada ya muda uliotangazwa, kama miezi 12. Bodi ipewe ugumu wa kila barua, idadi ya waliotoa taarifa na dakika zilizopita hadi taarifa ya kwanza, na idara zenye watu chini ya 10 ziunganishwe na nyingine ili asiwepo wa kukisiwa.