m-mama ikikua, nani kasema inakuwa rahisi? (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nabisha. Maofisini wanapenda kusema mradi ukikua gharama inashuka. Sio kila gharama jamani! Chukueni m-mama, ule usafiri wa dharura wa mjamzito na kichanga mnaouita kwa 115. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, kule Sengerema na Shinyanga, ndo ukasambazwa nchini.

Tuandike makisio ya mfano. Chumba cha kupokea simu kinakula milioni 4 kwa mwezi. Kwa safari 100, kila safari inabeba 40,000. Kwa safari 400 inabeba 10,000 tu. Hapo imeshuka kweli.

Sasa dereva, ambaye analipwa kwa umbali. Tuseme 1,500 kwa kilomita. Kwenye tambarare, kilomita 30 ni 45,000. Njoo Kilolo milimani, kilomita 70 ni 105,000, na matope ya masika sijayahesabu.

Jumlisha: safari ilikuwa 85,000, sasa ni 115,000. Chumba kimeokoa 30,000, barabara imekula 60,000.

Anayepanga bajeti ya Kilolo kwa 85,000, hela itakata katikati ya mwaka. Dereva anayedai malipo ya miezi miwili hapokei simu saa 8 usiku, au anakuja na kuiomba familia hela ya mafuta. Mkiona hivyo, msigombane naye. Mfuateni diwani, mwulizeni: hizo kilomita kwenye makisio mlipima wapi?