Kushinda Ethiopia Kumekuletea Nini?

Mei 2025 mitandao ilijaa shangwe: Kenya imepita Ethiopia, sasa sisi ndio uchumi mkubwa zaidi Afrika Mashariki. IMF ilikuwa imekadiria pato letu la mwaka huo kuwa kama dola bilioni 132, na lao bilioni 117. Wasee wakaanza kuwatania Waethiopia kana kwamba tumewafunga mabao. Mimi hulipwa kwa makala, na malipo yangu ya wiki hiyo hayakuwa yameongezeka hata bob. Kusema kweli, hayakuwa yameingia.

Tuliwashindaje? Hatukujenga viwanda usiku. Mwisho wa Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliacha kushikilia bei ya birr, sokoni ikaporomoka. Dola moja iliyokuwa birr 57 hivi ikafika karibu 130 mwaka uliofuata. Sasa mchukulie mwalimu wa kubuni wa Addis anayelipwa birr 8,000 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani hizo ni dola 140. Kwa bei mpya ni 62. Vitu vinavyotoka nje vilimpandia bei, ndio, na hilo liliuma. Lakini nyumba ni ile ile, darasa ni lile lile, na hakuna asubuhi aliyoamka akiwa na nusu ya maisha yake. Jumlisha mishahara na biashara za nchi nzima kwa dola namna hiyo, na hapo ndipo "ushindi" wetu ulipotoka.

Na kuna kitu hatukukisema tulipokuwa tukipiga makofi. Hata wakati pato lao lilikuwa kubwa kuliko letu, ukiligawa kwa watu wao, ambao ni zaidi ya mara mbili yetu, kila Muethiopia alipata kidogo kuliko kila Mkenya. Sufuria kubwa haisemi chochote kabla hujahesabu sahani. Kwa hivyo mtu akikutajia pato la taifa lote ili kukuonyesha unaishi poa, muulize tu: mko wangapi?

Atakujibu kwa pato la kila mtu, na hapo ndipo wasomi wengi hupumzika. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo niruhusu nihesabu kwa ploti badala ya fomula.

Ploti ina keja 10. Wapangaji 9 wanapata shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwezi. Wa kumi ni landilodi, anaishi juu, anapata 820,000. Jumla ni milioni moja, gawa kwa 10, kila mtu ana 100,000. Tafuta kwenye hiyo ploti mtu anayepata 100,000. Hayuko. Mwaka ujao kampuni ya simu inaweka mnara juu ya paa na landilodi anaongezewa 200,000 kwa mwezi. Pato la kila mtu limepanda hadi 120,000, ukuaji wa asilimia 20, na wale 9 bado wanakopa unga dukani. Lakini wapange kuanzia maskini hadi tajiri, umwangalie aliye katikati: 20,000 jana, 20,000 leo. Huyo hadanganyi.

Kenya ni hiyo ploti. Utafiti wa KNBS wa 2015/16 ulikuta watu 36 kati ya 100 nchini ni maskini. Nairobi walikuwa kama 17, Turkana karibu 79. Wastani mmoja unawafunika wote kwa blanketi moja.

Sisemi pato la kila mtu ni takataka. Nchi yenye dola 500 kwa kila mtu, hata ikigawa kwa haki kabisa, haitoshelezi hospitali na shule. Linakuonyesha kuna kiasi gani cha kugawa. Shida ni pale linapotumiwa kama tayari kimegawanywa.

Na linatumiwa hivyo. Gavi, shirika linalosaidia nchi maskini kununua chanjo, huangalia wastani wa miaka mitatu wa pato la kila mtu. Ukivuka kiwango chao, unaanza kuondolewa msaada hatua kwa hatua, na serikali yako inalipa zaidi kila mwaka. Kenya iliingia hatua hiyo 2022. Mtoto wa Turkana anayehitaji chanjo ya nimonia amehesabiwa pamoja na landilodi wa Kileleshwa, na hesabu ikasema ana pesa. Serikali isipotoa fungu hilo kwa wakati, anayekosa sindano si wastani. Ni yeye.

Juni ijayo, siku ya bajeti, waziri atasimama na mkoba wake atutajie uchumi umekua kwa asilimia ngapi. KNBS ina tafiti za matumizi ya nyumba kwa nyumba. Atutajie pia nyumba ya katikati ilitumia shilingi ngapi kwa mwezi, na miaka mitano kabla ilitumia ngapi baada ya kutoa kupanda kwa bei. Namba mbili tu. Zitasomeka kwa nusu dakika.